Ubao wa Mtindo: Kuamua Sura ya Sebule Kabla ya Kwenda Dukani

Ubao wa mtindo ni karatasi ngumu, kipande cha boksi au ukurasa wa simu ambapo picha, vitambaa na rangi zinazofikiriwa kwa ajili ya chumba huwekwa pamoja ili zitazamwe kwa mara moja, kabla fedha haijatoka mfukoni. Wapambaji wa nyumba huutumia ili kuelewana na mteja, kwa kuwa maneno kama "ya kisasa" au "tulivu" kila mtu huyaelewa kivyake. Anayejipambia nyumba yake mwenyewe anauhitaji hata zaidi. Dukani kila kitu kimepangwa kivutie peke yake, chini ya taa kali. Nyumbani vitu hivyo vitakaa pamoja, chini ya taa nyingine, juu ya sakafu ambayo muuzaji hajawahi kuiona. Zulia zuri na pazia zuri huweza kununuliwa kwa siku mbili tofauti, na vikifika sebuleni kila kimoja kikamchafulia mwenzake.

Hatua zake zinaeleweka vizuri zaidi zikifuatwa katika chumba kimoja. Tuseme ni sebule ya nyumba ya kupanga jijini Dar es Salaam, mita tano kwa nne. Sakafu ni ya vigae vya rangi ya maziwa. Dirisha kubwa, lenye fremu ya alumini na nondo, linatazama magharibi. Seti ya makochi ya kahawia iliyokolea bado ni imara na haitabadilishwa. Mwenye nyumba ameruhusu kuta zipakwe rangi, lakini hataki sakafu iguswe. Wapangaji, mume na mke, wana fedha za pazia, zulia, mito ya makochi, rangi ya ukuta na meza ndogo ya katikati. Hawataki kununua mara mbili.

Watu wengi huanza kwa kukusanya picha za vyumba wanavyovipenda. Ni afadhali kuanza na visivyobadilika. Sakafu, makochi, fremu za dirisha, milango na mwanga wa jua tayari vimeshachagua sehemu kubwa ya mtindo, na ubao usiovionyesha ni wa chumba cha mtu mwingine. Kwa hiyo picha za kwanza kuingia ubaoni ni za sebule yenyewe: moja ya sakafu, moja ya kochi kwa karibu, moja ya dirisha, na moja ya chumba kizima kutoka mlangoni.

Picha hizo hupigwa mchana, taa zikiwa zimezimwa na mwako wa kamera ukiwa umefungwa. Simu hurekebisha rangi yenyewe bila kuulizwa: ikiona kuta nyingi za njano huipoza picha, na ikiona bluu nyingi huipasha. Dawa yake rahisi ni kuweka karatasi nyeupe ya A4 pembeni ya kitu kinachopigwa. Karatasi ikitoka na rangi ya chai au bluu, basi rangi zote za picha hiyo zimeyumba na haifai kuaminiwa. Kwa picha ya chumba kizima, kitufe cha 0.5x kiachwe. Lenzi hiyo hunyoosha pembe, na sebule ya mita nne ikaonekana ukumbi.

Karatasi hiyohiyo nyeupe ina kazi nyingine kubwa. Ikilazwa juu ya kigae kinachoitwa cheupe au cha maziwa, huonyesha rangi iliyojificha ndani yake. Katika sebule ya mfano wetu, vigae vilivyodhaniwa kuwa karibu na nyeupe vilionekana mara moja kuwa na unjano uliochanganyika na waridi hafifu. Ugunduzi huo mdogo ulifuta mpango mzima wa kuta za kijivu, kwa sababu kijivu chenye ubaridi kikikaa juu ya sakafu yenye unjano huonekana kama bluu iliyofifia, na sakafu nayo huonekana chafu hata ikiwa imepigwa deki muda huohuo. Watu wengi huishi na tatizo hili miaka mingi, wakiilaumu rangi ya ukuta au kumlaumu fundi.

Baada ya hapo ndipo picha za kupendeza zinapokusanywa. Magazeti ya zamani, kalenda, katalogi za samani na maboksi ya bidhaa vyote vinafaa kukatwa. Kwenye simu, picha zinaweza kutoka Pinterest au Instagram, au zikawa zile alizopiga mtu mwenyewe katika hoteli, mgahawa au nyumba ya shangazi. Katika hatua hii ni vizuri kutojihukumu. Kinachovutia kinaingia, hata kama hakina uhusiano na sebule: jahazi, ukuta wa mji wa kale wa Zanzibar, kikapu, kitenge. Picha thelathini hivi zinatosha. Zikifika mia, jicho huchoka na kila kitu huanza kupendeza kwa kiwango kilekile.

Kila picha ipewe sentensi moja inayosema ni nini hasa kilichovutia. Kwenye kikato sentensi huandikwa nyuma kwa penseli. Kwenye simu huandikwa chini ya picha. Hapa ndipo kazi halisi ya ubao ilipo, nayo ndiyo hatua inayorukwa mara nyingi. Picha ya chumba kizima ina vitu ishirini ndani yake, na mtu anaweza kuipenda kwa ajili ya dirisha huku akidhani anapenda kochi. Asipojiuliza, atanunua kochi.

Wale wapangaji wawili walidhani wanapenda bluu, kwa kuwa picha tisa kati ya thelathini zilikuwa na bluu. Waliposoma sentensi walizoandika, neno "bluu" lilijitokeza mara mbili tu. Picha nyingine saba zilipendwa kwa sababu ya mwanga mwingi, kuta zilizo wazi na madirisha yanayotazama bahari. Sebule yao haina bahari, na dirisha lake huleta jua kali la jioni. Kuta za bluu zisingewapa kile walichokipenda. Kwa upande mwingine, picha ambazo hawakuzihesabu kuwa za mtindo wowote zilirudia mambo yaleyale: vitu vilivyosukwa kwa ukindu, mbao nyeusinyeusi zenye nyuzi zinazoonekana, kitambaa kizito kisichong'aa, na ukuta mkubwa ulioachwa mtupu isipokuwa picha moja. Hayo hawakuwahi kuyasema kwa mdomo, ila macho yao yalikuwa yameyachagua mara kumi na mbili.

Kinachofuata ni kupunguza. Picha hupangwa sakafuni kwa mafungu ya zinazofanana, kisha fungu lisilopatana na picha za chumba chenyewe huondolewa, hata kama linapendeza. Fungu la kwanza kutoka lilikuwa la vyumba vya Ulaya vyenye zulia zito la manyoya na makochi ya mahameli. Katika joto na unyevu wa pwani, zulia la namna hiyo hukaa na vumbi, hunusa ukungu wakati wa masika, na hakuna anayetamani kulikanyaga mwezi Januari. La pili lilikuwa la vitu vya dhahabu vinavyong'aa, ambavyo karibu na makochi ya kahawia iliyokolea na fremu za alumini vingeleta aina ya tatu ya mng'aro katika chumba kidogo. Zilibaki picha kumi na moja. Ubao wa chumba kimoja hauhitaji zaidi ya hapo.

Sasa ubao wenyewe unatengenezwa. Upande mmoja wa boksi la runinga ukifunikwa karatasi nyeupe unatosha kabisa. Ukubwa wa A2, yaani karatasi mbili za A3 zikiunganishwa, unafaa kwa chumba kimoja. Pini ni bora kuliko gundi katika siku za mwanzo, kwa sababu vitu vitahamishwa mara nyingi. Mpangilio ufuate chumba: sakafu chini, makochi na zulia katikati, ukuta na pazia juu. Jicho likiona vigae juu ya ubao na ukuta chini, linashindwa kupima uzito wa rangi kama litakavyoupima chumbani.

Ukubwa wa kila kipande nao una maana. Wapambaji wengi hutumia kipimo cha sitini, thelathini na kumi: takribani sitini katika mia ya kinachoonekana ni rangi kuu ya kuta na sakafu, thelathini ni samani kubwa na mapazia, na kumi ni rangi ya kuchangamsha, kama ile ya mito au picha ya ukutani. Si sheria, na vyumba vingi vizuri havikuifuata, lakini husaidia kuzuia kosa moja: kipande cha kitenge cha mito kupewa nafasi sawa na ukuta mzima. Ubao wa namna hiyo huonekana umechangamka sana, kisha chumba kikija kumalizika kinaonekana kimepoa, na mwenye nyumba huanza kuongeza vitu ambavyo havikuwa kwenye mpango.

Kuhusu rangi, picha haziaminiki. Gazeti huchapwa kwa wino wa aina nne tu, na rangi zake hubadilika kadiri karatasi inavyozeeka. Picha za mitandaoni zimepitishwa kwenye vichujio, na kioo cha simu chenyewe hugeuka njano jioni ikiwa Night Light imewashwa. Kwa hiyo picha itumike kuamua umbo, mpangilio na hali ya chumba. Rangi iamuliwe kwa sampuli za kushikika. Wauza vitambaa wa Kariakoo huweza kukata kipande kidogo wakiombwa kwa adabu, na wasipokubali, robo mita hununuliwa. Mafundi samani wa Keko huwa na mabaki ya mninga na mkongo karakanani. Kadi za rangi hutolewa kwenye maduka ya rangi, ingawa vijimraba vyake ni vidogo mno kwa uamuzi wa mwisho: rangi iliyoonekana ya upole kwenye kadi huwa kali ikifunika ukuta mzima. Ni afadhali kununua kopo dogo kabisa, kupaka mikono miwili kwenye kadibodi ya sentimita thelathini kwa thelathini, na kuiacha ikauke kabisa, kwa kuwa rangi ya maji hubadilika ikikauka.

Sampuli ziwekwe zikigusana. Josef Albers, mwalimu wa sanaa aliyezaliwa Ujerumani na kufundisha Marekani, alionyesha katika kitabu chake cha 1963 jinsi rangi moja inavyoweza kuonekana mbili ikiwa na majirani tofauti. Kwenye ubao jambo hili linaonekana waziwazi. Kitambaa cha pazia kikizungukwa na karatasi nyeupe huonekana safi na chepesi, lakini kikisogezwa mpaka kiguse rangi ya ukuta huweza kuonekana kimechakaa. Chumbani hakutakuwa na pengo jeupe kati ya pazia na ukuta, kwa hiyo pengo hilo lisiwepo ubaoni. Vilevile kitambaa chenye maua makubwa kisihukumiwe kwa kipande cha upana wa kiganja, ambacho huenda kimebeba petali moja tu. Picha ya jora zima, mkono wa mtu ukiwa pembeni ili ukubwa ujulikane, ibandikwe kando ya sampuli.

Ubao wa sebule yetu ulifikia hapa: picha ya vigae na ya kochi, kadibodi iliyopakwa rangi nyeupe yenye joto kidogo, karibu na ile ya tui la nazi, kitambaa cha pazia cha rangi ya udongo wa kuchoma, kipande cha mkeka wa ukindu badala ya zulia, kibao cha mninga kwa meza, na vipande viwili vya kitambaa cha buluu nzito ya nili kwa mito. Ulipolazwa mezani ulipendeza sana.

Lakini ubao hauhukumiwi ukiwa umelazwa. Ukuta husimama na hupokea mwanga kidogo kuliko meza, hivyo ubao nao husimamishwa, ukiegemezwa kwenye ukuta husika kwa urefu wa macho, na kuachwa hapo kwa siku kadhaa. Hutazamwa asubuhi, wakati jua linapoingia, na usiku taa zikiwa zimewashwa. Kila mara mtu husogea hatua kadhaa nyuma.

Asubuhi kila kitu kilikuwa sawa. Saa kumi jioni jua liliingia moja kwa moja kutoka magharibi, na kitambaa cha rangi ya udongo kiliwaka. Pazia la mita nyingi za rangi hiyo, jua likiwa nyuma yake, lingefanya sebule yote ionekane nyekundu na kuhisi joto zaidi ya lililopo. Kitambaa hicho kiliondolewa kwenye pazia, kikabaki kwa mto mmoja, na mahali pake pakawekwa kitambaa cha rangi ya katani kisichopauka upesi, chenye bitana ya kuzuia jua.

Usiku lilijitokeza jingine. Kochi lilionekana jeusi, ukuta wa tui la nazi ukawa na ubaridi wa hospitali, na kibao cha mninga kikapoteza wekundu wake. Kosa lilikuwa kwenye taa. Boksi la balbu lilikuwa limeandikwa 6500K, yaani mwanga mweupe wenye bluu nyingi na wekundu haba, na vitu vya kahawia haviwezi kurudisha wekundu ambao taa haikuutoa. Walijaribu balbu ya 3000K, ambayo mwanga wake una unjano, na ubao uleule ukarudi kuwa ule wa mchana. Balbu mbili ziligharimu kidogo kuliko debe la rangi, na bila ubao kusimama pale usiku huenda ukuta ungepakwa tena.

Kuna jaribio jingine linalofanywa kwa simu. Ubao hupigwa picha, kisha picha hiyo hugeuzwa kuwa nyeusi na nyeupe. Rangi zikiondoka kinabaki kiasi cha weupe na weusi. Vipande vyote vikitoka na kijivu kimoja, chumba kitakuwa bapa hata kama rangi zake ni kumi. Katika picha yetu ukuta, pazia, vigae na mkeka vilikaribiana kwa weupe, huku kochi na nili vikiwa karibu na weusi, na katikati yao hakukuwa na kitu. Meza ya mninga ndiyo iliyopatikana katikati, nayo ilikuwa ndogo. Kwa hiyo mkeka mweupe ulibadilishwa ukawekwa wenye michirizi ya ukindu uliotiwa rangi ya kahawia, na fremu ya picha ya ukutani ikapangwa iwe ya mninga pia.

Anayefanya kazi yote kwenye simu anaweza kupanga picha kwenye Canva au Google Slides, na kwa vyumba vya watu wanaoishi mbali mbali hilo lina faida, kwani ubao hutumwa kwa WhatsApp na kila mmoja akatoa maoni yake. Hata hivyo, sehemu ya sampuli ibaki ya mkononi. Mfuko mdogo wenye vipande vya kitambaa, kadibodi ya rangi na kibao cha mbao huambatana na ubao wa simu, na majaribio ya jua na taa hufanywa kwa vitu hivyo.

Ubao ukishatulia hugeuzwa kuwa orodha yenye vipimo. Hapa makosa huwa ya hesabu. Dirisha la sebule hii lina upana wa mita 1.8, lakini bomba la pazia litapita sentimita ishirini kila upande, hivyo ni mita 2.2, na ili pazia liwe na mikunjo mizuri kitambaa kinahitajika takribani mara mbili ya bomba, yaani mita 4.4 za upana. Ukubwa wa mkeka hupatikana kwa kutandaza magazeti sakafuni mpaka miguu ya mbele ya makochi iyakanyage, kisha kuyapima. Hapa ilikuwa mita mbili kwa tatu. Mkeka mdogo zaidi ungeelea katikati ya chumba bila kushikana na chochote.

Mpangilio wa kununua nao si wa kubahatisha. Vitambaa na mkeka hununuliwa kwanza, na rangi ya ukuta mwisho, ingawa ukuta ndio utakaofanyiwa kazi kabla ya vitu kuingia. Sababu ni kwamba duka la rangi linaweza kuchanganya mamia ya weupe mpaka upatikane unaofuata kitambaa, lakini hakuna duka la vitambaa litakalofuma pazia lifanane na ukuta uliokwisha kupakwa. Dukani, jora hutolewa nje kwenye mwanga wa mchana na kuwekwa kando ya sampuli kabla ya kukatwa, kwa sababu kitambaa cha jina lilelile huweza kuja na rangi iliyopishana kidogo kila shehena mpya inapofika.

Kitu kilichopangwa kikikosekana sokoni, mbadala wake huchukuliwa sampuli na kurudishwa ubaoni kabla ya kulipiwa. Kitambaa cha katani kilipokwisha katika duka la kwanza, muuzaji alitoa kingine chenye ukijani kidogo, kizuri na cha bei nafuu. Kilipoguswa na picha ya vigae, ule uwaridi uliojificha sakafuni ulijitokeza kwa nguvu, na kitambaa kikarudishwa. Kuna mambo ambayo ubao hauwezi kuyasema: kama kiti kina kina cha kutosha kwa mtu mrefu, kama kitambaa kinawasha ngozi, kama meza itayumba. Hayo huamuliwa dukani na karakanani, kwa kukaa, kugusa na kusukuma.